Punguzo la Elfu Mbili na Madumu 40 ya Kuliziba

Alizeti zikianza kuingia Singida mjini, kati ya mwezi wa tano na wa saba, mashine za kukamua hazilali. Malori yanashusha magunia, mashudu yanaanikwa, na kando ya barabara kuu madumu ya mafuta mapya yanapangwa kama askari gwaride, yakisubiri mabasi ya kwenda na kutoka Kanda ya Ziwa. Huo ndio msimu ambao wauzaji wa mafuta huanza kuvunjiana bei. Mmoja akishusha shilingi 500, jirani anashusha 1,000, na wa tatu anaandika OFA kwa rangi nyekundu kwenye kipande cha boksi.

Dada yangu ana duka la aina hiyo. Mwaka mmoja, msimu wa mavuno, alinipigia simu Jumamosi jioni huku sauti ikicheka.

"Mdogo wangu, wiki hii nimeuza ambavyo sijawahi kuuza. Madumu 85!"

"Hongera dada. Kwa kawaida unauza mangapi?"

"Sitini, sitini na kitu. Nimeshusha elfu mbili tu kwa kila dumu, watu wamefurika."

Nilimwomba aniwekee daftari, nitapita Jumatatu. Yeye ndiye mwenye duka, mimi huwa namsaidia hesabu. Jumatatu tulikaa nyuma ya kaunta na kalamu, na baada ya robo saa kicheko kilikuwa kimekwisha. Katika wiki ile iliyovunja rekodi ya duka, dada yangu alipata faida ndogo kuliko wiki ya kawaida. Hakuibiwa wala hakukosea chenji. Punguzo lenyewe ndilo lililokula.

Nimeona kosa hilo katika maduka mengi, na hesabu ya kulikwepa haizidi kugawanya na kujumlisha, kwa hiyo nitaieleza kwa kutumia dumu lile lile la dada yangu la lita 5. Bei za mafuta hupanda na kushuka kila msimu. Usizishike bei nitakazotaja, weka za kwako.

Tulianza na dumu moja. Mafuta ya lita 5 aliyachukua kiwandani kwa shilingi 23,000. Dumu tupu lilikuwa 1,200, kizibo na lebo 300, na kulifikisha dukani kwa toyo pamoja na kibarua wa kupakia kulimgharimu kama 500. Jumla 25,000. Bei yake ya kawaida kwa mteja ilikuwa 30,000, kwa hiyo kila dumu lililotoka lilimwachia 5,000. Hiyo ndiyo faida ghafi ya dumu moja, na ndiyo namba ya kwanza unayopaswa kuijua kabla hujashika rangi nyekundu.

Angalia ambavyo hatukuviweka. Kodi ya pango haimo, mlinzi hayumo, wala posho ya kijana wa dukani. Hivyo hulipwa vile vile hata ukiuza dumu moja au mia, kwa hiyo havina neno katika swali letu. Swali letu ni hili tu: dumu moja zaidi likitoka, mfukoni kunabaki nini? Watu wengi hugawa pango kwa idadi ya madumu na kulipachika ndani ya gharama. Hesabu yao ikija kutoa jibu la ajabu, wanailaumu hesabu.

Kwa wiki ya kawaida, madumu 60 mara 5,000 ni shilingi 300,000. Fedha hiyo ndiyo inayolipa pango, mlinzi na kijana, na kinachobaki ni cha dada. Ofa yoyote atakayoiweka lazima ilete angalau 300,000 hiyo. Ikileta pungufu amefungwa, ikileta zaidi ameshinda, na ikileta 300,000 kamili ametoka sare. Kazi yetu ni kujua, kabla mpira haujaanza, magoli mangapi yanatosha kwa sare.

Sasa aliposhusha 2,000, mambo mawili yalitokea kwa pamoja. La kwanza, wale wateja wa madumu 60, ambao wangenunua hata kwa 30,000, nao walilipa 28,000. Hakuna aliyewaambia wasimame pembeni. Madumu 60 mara 2,000 ni shilingi 120,000 zilizotoka dukani bila kuleta mteja hata mmoja. Hilo ni shimo, na linachimbwa siku ile ile unapotundika bango. La pili, kila dumu la ziada lililouzwa kwa sababu ya ofa halikuacha tena 5,000. Liliacha 3,000. Hilo ndilo beleshi la kufukia shimo, na beleshi lenyewe limepunguzwa ukubwa.

Shimo la 120,000, beleshi la 3,000. Gawanya: yanatakiwa madumu 40 ya ziada. Si 40 kwa jumla, ni 40 juu ya 60, yaani 100. Ukitaka kuhakiki, 100 mara 3,000 ni 300,000, ile ile ya wiki ya kawaida.

Dada aliuza 85. Madumu 25 ya ziada yalifukia 75,000, shimo likabaki na 45,000. Faida ghafi ya wiki ya rekodi ilikuwa 255,000.

"Lakini droo ilijaa," akasema. "Nilihesabu milioni 2 na laki 3 na zaidi!"

Ni kweli, na hapo ndipo mtego ulipo. Madumu 85 mara 28,000 ni shilingi 2,380,000. Wiki ya kawaida droo huingiza 1,800,000. Kwa hiyo kulikuwa na 580,000 zaidi, noti zinazoshikika. Ila madumu 25 ya ziada yalimgharimu 25,000 kila moja, jumla 625,000, na sehemu kubwa ya fedha hiyo ilikuwa bado deni la kiwandani. Droo iliongezeka kwa 580,000, gharama zikaongezeka kwa 625,000. Tofauti ni ile 45,000. Mfanyabiashara anayechukua mali kwa mkopo wa wiki huliona shimo hili siku ya kulipa, na mara nyingi hulitafsiri vibaya. Hudhani kijana wa dukani ana mkono mrefu.

Kuna jambo jingine linalofuata mauzo. Wafanyabiashara wadogo nchini, wenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 100 kwa mwaka, hutozwa kodi ya makadirio, na kodi hiyo hutazama mauzo, haitazami faida. Ofa inayokuza mauzo na kudidimiza faida inaweza kukusogeza juu katika hesabu ya mamlaka ya mapato huku mfukoni ukirudi nyuma. Nalitaja kwa sababu sijamsikia mtu akiliweka kwenye hesabu ya ofa.

Ukitaka kuliandika kwa mstari mmoja nyuma ya daftari, ni hivi:

```
nyongeza = mauzo ya kawaida × punguzo ÷ (faida ya dumu − punguzo)
```

Kwa dada: 60 × 2,000 ÷ (5,000 − 2,000) = 40.

Utamu na uchungu wote wa mstari huo uko kwenye mabano. Punguzo likikua, shimo linakua na beleshi linapungua kwa wakati mmoja, kwa hiyo mzigo hauongezeki kwa hatua sawa. Chukua duka lile lile. Ukishusha 500, yanatakiwa madumu 7 ya ziada kwa wiki, jambo linalowezekana. Ukishusha 1,000, yanakuwa 15. Ukishusha 2,000, yamefika 40. Ukishusha 2,500, nusu ya faida yako, ni 60, maana yake uuze mara mbili ya kawaida. Ukishusha 3,000 ni 90. Ukishusha 4,000 ni 240 juu ya yale 60, mauzo ya wiki tano katika wiki moja. Ukifika 5,000 hakuna idadi yoyote itakayokutoa sare, hata Singida nzima ingehamia kwako, kwa sababu kila dumu linatoka bila kuacha kitu na shimo la wateja wa kawaida liko pale pale.

Ndiyo maana punguzo haliwezi kupimwa kwa bei ya bidhaa. Elfu mbili ndani ya elfu thelathini inaonekana ndogo, haifiki hata asilimia 7. Lakini dada hakutoa elfu mbili ndani ya elfu thelathini, alitoa elfu mbili ndani ya elfu tano zake, yaani asilimia 40 ya chakula chake. Mteja anaona asilimia 7, mwenye duka anatoa 40. Mwenye kuuza sukari yuko pabaya zaidi. Akipata 100 kwa kilo, punguzo la 50, ambalo mteja hata halioni, linamtaka auze kilo mara mbili. Muuza asali ya Manyoni au Itigi anayebakiwa na 5,000 kwenye chupa ya 12,000 ana nafasi kubwa. Akishusha 1,000 mteja anaiona vizuri, na yeye anatakiwa kuongeza robo tu ya mauzo yake.

Wapo wanaopenda kufanya hesabu hii kwa asilimia, na hapo kuna kosa la kuangalia. Dada alikuwa amezoea kusema faida yake ni asilimia 20, kwa kuwa 5,000 ni asilimia 20 ya 25,000 aliyonunulia. Lakini punguzo huhesabiwa juu ya bei ya kuuzia. Ukichanganya hizo mbili, asilimia 6.7 ya punguzo na asilimia 20 ya faida, utapata kwamba nyongeza ya nusu inatosha, yaani madumu 90 kwa jumla. Ukiuza 90 umefungwa 30,000 huku ukishangilia sare. Faida na punguzo lazima vipimwe kwa bei ile ile ya kuuzia, na hapo faida ni asilimia 16.7. Ushauri wangu ni rahisi zaidi: achana na asilimia, tumia shilingi. Shilingi haina bei ya kununulia wala ya kuuzia.

Turudi nyuma ya kaunta. Tulipomaliza na ile 45,000, nilimuuliza dada bango lilichorwa na nani. Kumbe bango na kipaza sauti cha bodaboda vilimgharimu 30,000, na alimwongeza kijana wa pili kwa wiki ile, 20,000. Fedha hiyo haipo kwenye dumu lolote, hulipwa hata usipouza, lakini imekuja kwa sababu ya ofa, kwa hiyo inaingia shimoni. Shimo sasa ni 120,000 na 50,000, jumla 170,000. Gawa kwa 3,000 unapata 56 na kidogo, na kwa kuwa hakuna anayenunua vipande vya dumu, ni 57. Sare imehama kutoka 100 hadi 117.

Hapo ndipo nilipomuuliza swali ambalo lingefaa kuulizwa kabla ya mengine yote. Siku unaanza ofa, stoo ulikuwa na madumu mangapi? Alikuwa na 90, na kiwandani foleni ilikuwa ndefu, asingepata mengine kabla ya wiki kuisha. Kama mali yote uliyonayo ni 90 na sare iko 117, mechi imekwisha kabla ya filimbi. Hata wateja wangepanga mstari hadi Ziwa Singidani, asingefika. Na kama angetaka kufika, angehitaji mtaji wa madumu 117, yaani shilingi 2,925,000, badala ya 1,500,000 ya wiki ya kawaida. Ile 1,425,000 ya ziada inatoka wapi? Ikitoka kwa mkopeshaji wa mtaani, riba yake nayo inaingia shimoni, na sare inahama tena.

Ninachomwomba kila mwenye duka anayenijia na wazo la ofa ni namba tatu kwenye karatasi moja: madumu ya sare, madumu yaliyopo stoo, na idadi kubwa kuliko zote aliyowahi kuuza kwa wiki. Ya kwanza ikizidi ya pili au ya tatu, hatuna haja ya kuendelea kuzungumza juu ya rangi ya bango.

Sehemu ngumu ya hesabu hii haiko kwenye kugawanya. Iko kwenye kujua dumu gani ni la ziada kweli.

Wiki iliyofuata ofa, dada aliuza madumu 48. Alidhani ni bahati mbaya, au watu wamemaliza fedha. Nilimwomba anitajie walionunua wiki ya ofa, wale anaowajua. Kulikuwa na mama lishe wa karibu na stendi, ambaye kwa kawaida huchukua dumu moja kila wiki. Wiki ile alichukua mawili. Kulikuwa na mwenye banda la chipsi aliyechukua matatu badala ya mawili. Watu hawa hawakuanza kula mafuta zaidi. Walinunua mafuta ya wiki ijayo kwa bei ya wiki hii, na wiki ijayo hawakuja. Mafuta ya alizeti hayaozi kesho, na kila mwenye jiko anajua hivyo. Kwa bidhaa inayotunzika, ofa huazima mauzo ya mbele.

Madumu 12 yaliyokosekana wiki ya pili, kila moja lingeacha 5,000, ni shilingi 60,000. Ukijumlisha 45,000 ya shimo, 50,000 ya bango na kijana, na 60,000 hii, wiki ya rekodi ilimgharimu dada shilingi 155,000. Na katika yale madumu 25 ya ziada, ya ziada kweli yalikuwa 13.

Hili huwezi kulijua kwa kuangalia wiki moja. Daftari linatakiwa kuanza wiki nne kabla ya ofa na kuisha wiki nne baada yake. Mstari mmoja kwa kila dumu unatosha, na herufi moja pembeni: M kwa mwenyeji unayemjua sura, P kwa mpita njia. P ni muhimu mahali kama Singida, ambapo basi husimama dakika kumi na abiria wa Mwanza au Bukoba anashuka kununua mafuta, vitunguu na kuku wa kienyeji. Abiria huyo haazimi mauzo ya wiki ijayo kwako, maana wiki ijayo hayupo. Dumu lake, kama ofa ndiyo iliyomvuta, ni la ziada kamili. Lakini kabla hujafurahi, jiulize kama kweli ofa ilimvuta. Abiria analinganisha bei yako na ya kwao aendako. Kama kwao ni ghali, angenunua hata kwa 30,000, na umempa 2,000 ya nauli bila kuombwa. Wiki nne za P kabla ya ofa ndizo zitakazokujibu.

Uangalie pia ni wiki gani unaita ya kawaida. Ukilinganisha ofa ya wiki ya kuelekea Idi na wiki ya katikati ya mwezi, sikukuu itakuuzia mafuta na wewe utalipongeza bango. Chukua wastani wa wiki nne zisizo na sikukuu wala mnada. Na usisahau jirani. Kama maduka yako matano bega kwa bega na yote yakashusha siku ya tatu, wateja wa ziada uliowategemea wanabaki walikokuwa, na mtaa mzima umeshusha faida yake kwa pamoja. Kwa bidhaa ambayo mteja hawezi kuitofautisha, mimi hukadiria kwamba ofa itadumu peke yake siku mbili tu, na ninafanya hesabu ya sare kwa siku hizo mbili.

Baada ya yote hayo dada aliniuliza, kwa hasira kidogo, kama nina maana asishushe bei kamwe. Sina maana hiyo. Ukitazama mstari ule wa daftari tena, utaona kinachotuua ni yale madumu 60 yanayopewa punguzo bila sababu. Ukiweza kuwapa punguzo wale tu wanaoongeza, shimo linakuwa dogo.

Tulipanga hivi. Dumu la kwanza ni 30,000 kwa kila mtu. Anayechukua la pili kwa wakati ule ule analipa 28,000 kwa la pili. Tulipopitia daftari, katika madumu 60 ya wiki, 10 tayari yalikuwa madumu ya pili ya watu waliokuwa wakichukua mawili mawili. Hao ndio pekee tutakaowapa bure: 10 mara 2,000 ni 20,000. Beleshi bado ni 3,000. Gawa, unapata 6.7, yaani madumu 7 ya ziada badala ya 40. Punguzo ni lile lile na maneno kwenye boksi ni karibu yale yale, ila sare imeshuka kutoka 100 hadi 67, na stoo ya madumu 90 inatosha kabisa.

Mpango huu nao una ugonjwa wake, na ni ule ule wa mama lishe: anayechukua mawili leo huenda asije Jumamosi ijayo. Kwa hiyo tuliuelekeza kwa abiria. Kijana anayekimbilia madirishani mwa basi ndiye mwenye ruhusa ya kuitaja bei ya dumu la pili, dukani haitajwi. Mwenyeji akiisikia na kuidai anapewa, hatugombani na mtu, lakini haibandikwi ukutani.

Kuna hali moja ambapo hesabu yote niliyoeleza huwekwa kando, na wanaolima au kulangua vitunguu Mkalama na Iramba wanaijua kwa machungu. Tuseme ulinunua gunia kwa 70,000 ukitegemea kuliuza 90,000. Mvua imeingia stoo, vitunguu vimeanza kuchipua, na wiki ijayo gunia hilo halitapata zaidi ya 30,000. Hapo 70,000 uliyonunulia haikuhusu tena. Imeshakwenda, iwe utauza au utamwaga. Beleshi lako si bei ya kuuza ukitoa 70,000, ni bei ya leo ukitoa 30,000 ya wiki ijayo. Mteja wa 65,000 leo anakuachia 35,000 kuliko kungoja, na anayemfukuza kwa sababu "nitauzaje chini ya nilichonunulia" anajiongezea hasara. Mafuta yaliyofungwa vizuri hayako hivyo. Kabla hujaazima hesabu ya vitunguu, hakikisha unauza kitu kinachooza.

Wengine hushusha bei kwa sababu wanataka fedha haraka, wanunue alizeti ingali rahisi. Inaeleweka, lakini ipe jina lake: huo ni mkopo, na punguzo ndiyo riba. Dada kwenye wiki ile alitoa punguzo kwa madumu 85, jumla 170,000, akapata 580,000 mapema. Kama madumu yale 25 yangeuzwa tu baada ya wiki mbili tatu, amelipa karibu shilingi 29 kwa kila 100 aliyoharakisha. Nilimuuliza kama kuna mtu anayemkopesha kwa riba hiyo. Akasema hata yule wa mtaani ana huruma kidogo.

Ofa ya dumu la pili ilianza Jumatatu iliyofuata. Jumamosi nilipopita, dada alikuwa ameshahesabu mwenyewe kabla sijakaa: madumu 9 ya ziada, saba kati yake yana P. Tisa mara 3,000 ni 27,000, kutoa 20,000, inabaki 7,000.

"Yaani kelele zote hizo kwa elfu saba," akasema, akinisukumia daftari. "Haifiki hata kuku."

Kisha akafungua ukurasa mpya, akaandika juu yake "lita 20", na akaanza kuniuliza kizibo cha dumu kubwa ni shilingi ngapi.